Kutoka «miezi 12» hadi jedwali la mpango kazi: mfano wa utafiti wa mahindi Himo

Maandiko mengi ya utafiti yana aya moja fupi kuelekea mwisho, yenye kichwa «Muda wa utafiti». Aya hiyo husomeka hivi: utafiti utachukua miezi 12, maandalizi mwezi wa 1 na wa 2, ukusanyaji wa data mwezi wa 3 hadi wa 6, uchambuzi mwezi wa 7 hadi wa 9, uandishi mwezi wa 10 hadi wa 12. Kamati huipitisha bila maswali kwa sababu haina kosa la wazi. Shida huanza pale chuo au mfadhili anapokwambia ulete mpango kazi, wenye awamu, hatua muhimu na vitu utakavyokabidhi, mwezi kwa mwezi. Wengi hufungua kompyuta, huchora visanduku 12, hupaka rangi mwezi wa 3 hadi wa 6 na kuandika ndani yake «ukusanyaji wa data». Hiyo ni aya ileile iliyopakwa rangi.

Mwongozo huu unachukua mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Tuseme wewe ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha Moshi, na andiko lako linahusu upotevu wa mahindi ghalani kwa wakulima wadogo wa tambarare ya Himo. Unataka kujua dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wengi humwita Skania, anakula kiasi gani katika miezi minne ya mwanzo ya kuhifadhi, na kama mifuko isiyopitisha hewa inasaidia kuliko gunia la kawaida lenye dawa ya unga. Utafuatilia kaya 60 katika vijiji vitatu. Andiko limepitishwa Aprili, unaanza Mei.

Weka majina ya miezi kabla ya kitu kingine chochote

«Mwezi wa 3» hauna mvua wala mavuno wala sikukuu. Julai inavyo. Basi kazi ya kwanza ni kuandika jina la kila mwezi juu ya namba yake. Mwezi wa 1 ni Mei, wa 3 ni Julai, wa 6 ni Oktoba, wa 12 ni Aprili ya mwaka unaofuata.

Ukishafanya hivyo, andiko lako linaanza kukusuta. Ukusanyaji wa data umeangukia Julai hadi Oktoba. Mahindi ya masika katika tambarare ya Himo hupandwa Machi na huvunwa Julai na Agosti. Kwa hiyo katika Julai, mwezi wako wa kwanza wa kupima upotevu ghalani, mahindi mengi bado yako shambani au yanakaushwa uani. Na Oktoba, mwezi wako wa mwisho, yatakuwa yamekaa ghalani miezi miwili tu. Dumuzi hafanyi uharibifu wake mkubwa mapema. Huanza taratibu, huzaliana, kisha hasara hupanda kwa kasi kuanzia mwezi wa tatu na kuendelea. Ungefuata aya ya andiko ilivyo, ungemaliza kupima kabla ya jambo unalotafuta kutokea, na ungehitimisha kwamba mfuko na gunia havitofautiani.

Sasa tafuta mambo ya kalenda yasiyosogea kwa ajili yako, uyaandike pembeni. Kwa utafiti huu yapo manne. Mavuno ni Julai na Agosti. Kuanzia katikati ya Desemba watu wa Kilimanjaro wanaoishi mikoa mingine hurudi nyumbani kwa Krismasi. Magari hujaa, wenyeji wako wana wageni, na hakuna anayetaka mgeni mwingine mwenye mizani. Januari shule zinafunguliwa, na mahindi ya ghalani ndiyo sare na mahitaji ya shule ya watoto, kwa hiyo kaya nyingi zitakuwa zimeuza. Machi mvua za masika zinaanza, watu wako mashambani wanapanda, na njia za udongo za kuelekea Kahe huwa tope.

Ukiyaweka hayo manne kwenye kalenda, nafasi ya kupima inabaki moja: kuandikisha kaya Agosti mahindi yanapoingia ghalani, kisha duru nne, Septemba, Oktoba, Novemba na wiki mbili za mwanzo za Desemba. Andiko lilisema miezi minne ya data, na bado ni miezi minne. Imesogea tu mahali inapostahili kuwa. Muda wa maandalizi umekuwa miezi mitatu badala ya miwili, na huo wa ziada utauhitaji, kama tutakavyoona.

Ikiwa utafiti wako ni wa jambo lingine, mambo yasiyosogea yatakuwa mengine. Anayehoji watendaji wa serikali za mitaa aangalie mwaka wa uchaguzi: Oktoba 2025, kwa mfano, haukuwa mwezi wa kumpata ofisa kwa mahojiano ya saa mbili. Anayetafiti biashara ya mpakani Holili aangalie misimu ya bei. Kanuni ni moja: kalenda ya unayemtafiti ndiyo inayoongoza, yako inafuata.

Vibali vina mnyororo, na kila pingili ina siku zake

Hapa ndipo mipango kazi mingi hufia, kwa sababu andiko huandika «kupata vibali» kama kazi moja ya wiki moja. Mwanafunzi Mtanzania wa chuo cha hapa nchini kwa kawaida huanza na barua ya utambulisho kutoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Ofisi ya mkoa huandika kwenda wilayani, na wilaya au halmashauri huandika kwa Mtendaji wa Kata. Mtendaji wa Kata anakupeleka kwa Mtendaji wa Kijiji, naye anakukutanisha na wenyeviti wa vitongoji. Mtafiti wa kigeni huanzia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, Dar es Salaam. Ukigusa afya za watu, unahitaji pia kibali cha kamati ya maadili, na hiyo hukutana kwa ratiba yake.

Katika jedwali, usiandike «vibali» mara moja. Andika barua ya chuo, kibali cha mkoa na wilaya, na utambulisho wa kata na vijiji, kila kimoja na tarehe yake. Faida yake utaiona Juni. Ukiwa na mstari mmoja unaosema «vibali: Mei hadi Julai», hutajua kwamba umechelewa mpaka Julai iishe. Ukiwa na mitatu, utajua ifikapo tarehe 10 Juni kwamba barua ya wilaya haijatoka, na utakuwa bado na wiki tano za kuifuatilia kwa miguu.

Hesabu siku za kazi kabla ya kupaka rangi mwezi

Kisanduku cha «Septemba» kina siku 30 lakini hakikuambii kama kazi itaingia humo. Fanya hesabu. Una wadadisi watatu. Kila mmoja, akitembea kati ya kaya za kijiji kimoja, anaweza kufika kaya nne kwa siku: kusalimia, kufungua ghala, kuchukua sampuli ya kilo moja, kujaza dodoso, kuaga. Hiyo ni kaya 12 kwa siku, na kaya 60 ni siku tano.

Lakini mtu anayeijua Himo atakuuliza swali moja: ghala liko wapi? Familia nyingi za huku zina kihamba juu mlimani, kwenye migomba na kahawa, na shamba la mahindi huku chini tambarare. Mtu analima karibu na Himo, analala Marangu au Kirua, na mahindi yake hupanda mlima kwenda kuhifadhiwa nyumbani. Tuseme katika kaya zako 60, ishirini zina ghala juu. Huko nyumba zimetawanyika na njia ni za kupanda, kwa hiyo mdadisi atafika kaya tatu kwa siku. Hesabu inabadilika: kaya 40 za chini kwa siku nne, kaya 20 za juu kwa siku tatu, jumla siku saba za kazi kwa kila duru. Ongeza kutenganisha punje nzima na zilizotobolewa, kuzihesabu na kuzipima. Ukiwa na mizani moja na watu wawili, sampuli 15 kwa siku, ni siku nne nyingine, ingawa unaweza kuanza wakati wadadisi bado wako nje.

Kwa hiyo duru moja inakula karibu wiki mbili. Zinabaki wiki mbili za mwezi kwa kuingiza data na kusahihisha makosa. Hesabu hiyo fupi imekupa mambo matatu ambayo andiko halikuwa nayo: kwamba duru nne zinawezekana, kwamba duru ya tano ingekula muda wa kuingiza data na kusahihisha makosa, na kwamba safu ya «mahali ghala lilipo» lazima iwemo kwenye daftari la kuandikisha kaya tangu Agosti. Pia inakuambia duru ya nne ianze lini. Ikianza siku ya kwanza ya kazi ya Desemba, ukikumbuka tarehe 9 ni sikukuu ya Uhuru, wadadisi watakuwa wametoka vijijini kabla ya msongamano wa Krismasi. Ikianza tarehe 10, hawatatoka.

Hatua muhimu hujibiwa ndiyo au hapana

Awamu ni kipindi. Hatua muhimu ni tukio la siku moja ndani ya kipindi hicho. Kitu cha kukabidhi ni kile unachoweza kukiweka mezani kwa msimamizi siku hiyo. Watu huchanganya vitatu hivi, na dalili ya kuchanganya ni rahisi kuiona: ukikuta hatua muhimu inayoanza na «kuendelea», «kufuatilia» au «kukusanya», hiyo ni shughuli iliyovaa nguo za hatua.

Jaribu na duru ya pili. «Kukusanya data Oktoba» ni shughuli. «Duru ya 2 imefungwa: kaya zote zimefikiwa au sababu ya kutofikiwa imeandikwa, sampuli zote zimepimwa, data imeingizwa» ni hatua. Ukiulizwa tarehe 31 Oktoba kama imefikiwa, jibu ni ndiyo au hapana; hakuna nafasi ya kusema «asilimia 80». Na kitu cha kukabidhi ni faili lenye jina, tuseme `duru2_himo.xlsx`, pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo ya kaya zilizokosekana.

Angalia nilivyoandika «au sababu ya kutofikiwa imeandikwa». Kaya fulani itauza mahindi yake yote Novemba. Ukiandika hatua kwamba «kaya 60 zimepimwa», utaishindwa kwa jambo ambalo si kosa la mtu, na utashawishika kutafuta kaya mbadala katikati ya njia, jambo litakaloharibu ulinganisho wako wote. Kaya iliyouza mapema kwa kuogopa dumuzi ni taarifa. Hatua nzuri huipa mahali pa kuandikwa.

Kuhusu idadi, usizidishe. Hatua kumi na tano hivi kwa miezi 12 zinatosha. Niliwahi kuona mpango kazi wa mwanafunzi wenye hatua zaidi ya thelathini. Hakuna aliyeusoma tena baada ya mwezi wa pili, hata yeye mwenyewe.

Jedwali lenyewe

Baada ya yote hayo, ile aya ya andiko inakuwa hivi:

| Awamu | Miezi | Hatua muhimu na tarehe | Kitu cha kukabidhi | Mhusika |
|---|---|---|---|---|
| 1. Vibali na zana | Mei–Julai | Barua ya chuo imetoka, 15 Mei. Kibali cha wilaya, 10 Juni. Vijiji vyote vimekubali, 15 Julai. Dodoso limejaribiwa, 31 Julai | Nakala za barua. Dodoso la mwisho | Mtafiti |
| 2. Kuandikisha kaya | Agosti | Kaya 60 zimeandikishwa na sampuli ya mwanzo imechukuliwa, 31 Agosti | Daftari la kaya: kiasi, njia ya kuhifadhi, mahali ghala lilipo | Mtafiti, wadadisi |
| 3. Duru nne | Septemba–Desemba | Duru ya 1, 2 na 3 zimefungwa, mwisho wa kila mwezi. Duru ya 4, 18 Desemba | Faili la data la kila duru | Wadadisi. Mtafiti anakagua |
| 4. Uchambuzi na mrejesho | Januari–Februari | Data imefungwa, 15 Januari, majedwali yamekamilika, 15 Februari, mikutano ya mrejesho imefanyika, 28 Februari | Faili moja la data, majedwali, muhtasari wa kurasa mbili kwa vijiji | Mtafiti |
| 5. Tasnifu | Machi–Aprili | Rasimu kamili kwa msimamizi, 20 Machi. Maoni yamerudi, 10 Aprili. Tasnifu imewasilishwa, 30 Aprili | Rasimu. Tasnifu | Mtafiti, msimamizi |

Mambo mawili humo hayakuwemo kabisa kwenye andiko. Mrejesho kwa wanavijiji umewekwa Februari kwa sababu Machi hutampata mtu mkutanoni. Yuko shambani anapanda. Na msimamizi amepewa wiki tatu za kusoma rasimu, zikiwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Usipoziandika, msimamizi atazichukua vilevile, ila zitatoka kwenye muda wako wa kusahihisha.

Kuandika majina ya wahusika nako kunafichua jambo. Awamu ya 4 yote ni ya mtu mmoja, na miezi yake imepungua kutoka mitatu hadi miwili. Inawezekana kwa sababu tu data imekuwa ikiingizwa kila duru. Ukiacha madodoso yalundikane mpaka Januari, mstari huo ni wa uongo. Kwa sababu hiyohiyo, sura za utangulizi na mapitio ya maandishi zifanyiwe kazi katika wiki tulivu za Oktoba na Novemba, wakati wadadisi hawako vijijini.

Kulichora mwezi kwa mwezi kwenye Excel

Jedwali la juu ni la kusomwa na kamati. La pili, lenye miezi kama safu, ni la kubandika ukutani. Weka shughuli kwenye safu ya A, tarehe ya kuanza B, tarehe ya kumaliza C. Kisanduku D1 kiandike tarehe 1 ya mwezi wa kwanza, na E1 weka fomula hii, kisha iburute kulia mpaka O1:

```
=EDATE(D1,1)
```

Chagua D2 hadi O20, fungua `Conditional Formatting`, chagua kanuni ya kutumia fomula, andika hii na uchague rangi:

```
=AND(D$1<=$C2,EDATE(D$1,1)>$B2)
```

Kila mwezi unaoguswa na shughuli utapakwa rangi wenyewe. Ukibadilisha tarehe, rangi inasogea.

Sasa kuna mtego. Wengi huenda mbali zaidi, wakaunganisha kila tarehe na ile ya juu yake, ili kibali kikichelewa wiki tatu kila kitu kisogee wiki tatu. Inapendeza, lakini mavuno ya Himo hayajui fomula yako. Kompyuta itakusogezea uandikishaji wa kaya hadi tarehe 21 Septemba na duru ya nne hadi Januari, yote kwa rangi safi, wakati mahindi yameshauzwa. Kwa hiyo tarehe za awamu ya 2 na ya 3 ziandike kwa mkono, zisiunganishwe na kitu. Kibali kikichelewa, unachotakiwa kuona ni mgongano: awamu ya 1 imeingia ndani ya Agosti. Mgongano huo ndio unaokulazimisha kuamua, ama upunguze vijiji kutoka vitatu hadi viwili ambavyo vibali vyake vimetoka, ama ujaribu dodoso sambamba na kuandikisha. Uamuzi huo ufanywe na msimamizi Julai, usiachiwe wadadisi Septemba.

Mara mbili tu nisingeshauri kupunguza bali kuahirisha: endapo hakuna kijiji hata kimoja kilichokubali ifikapo mwisho wa Agosti, au endapo mavuno ya msimu huo yameharibika kwa ukame. Hapo msimu umeshakupita na jedwali lolote utakalochora litakuwa la mwaka unaofuata. Mweleze msimamizi mapema, kabla hujawalipa wadadisi.

Kama fedha zako zinakuja kwa mafungu, linganisha tarehe za mafungu na za hatua kabla ya kusaini. Fungu la pili likitolewa baada ya «ripoti ya duru ya 1», na duru ya 1 inafungwa tarehe 30 Septemba, nauli na posho za duru ya Oktoba zitatoka wapi? Omba fungu hilo lifungamanishwe na daftari la kaya la Agosti badala yake. Mfadhili hukubali kwa urahisi akioneshwa jedwali, kwa sababu daftari ni kitu anachoweza kukishika.

Andiko lako likipitishwa wiki hii, usisubiri mpango kazi ukamilike ndipo uanze kuutekeleza. Andika mstari wa kwanza, barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, uweke tarehe mbele yake, na uende kuiomba kesho asubuhi.